Tiketi za bure na mabanda ya wadhamini: mwongozo kamili wa kugawa na kufuatilia matumizi

Waandaaji wengi wa makongamano wanakwama mahali pamoja. Kifurushi cha udhamini kimeuzwa, fedha imeingia, na mkataba unasema tu "tiketi 6 za bure na banda". Siku ya tukio wanafika mlangoni watu 11 wakitaja jina la mdhamini mmoja. Mdhamini mwingine hajaleta mtu hata mmoja, na chakula cha watu wake kimeshalipiwa hotelini. Wiki mbili baadaye mdhamini anauliza tiketi zake zilitumikaje, na hakuna mwenye jibu.

Mwongozo huu unafuata kongamano moja la mfano: siku 2, ukumbi wa viti 420, wadhamini 12. Kwa ukubwa huo jedwali moja la kompyuta linatosha kabisa. Takwimu zote ni za mfano, kwa hiyo weka zako mahali pake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya ukumbi au hoteli inayotaja idadi ya viti, bei ya chakula kwa kichwa, na siku ya mwisho ya kuthibitisha idadi ya walaji.
- Ramani ya eneo la mabanda yenye vipimo, futikamba, na tepu ya karatasi ya kubandika sakafuni.
- Jedwali katika Google Sheets au Excel.
- Mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuongeza au kupunguza tiketi za mdhamini. Wakiwa wawili, kila mmoja ataahidi kivyake.
- Kwa kila mdhamini, jina la mtu atakayegawa tiketi ndani ya kampuni. Mara nyingi siye aliyesaini mkataba. Aliyesaini ni mkurugenzi, na barua pepe zako zitalala kwake mpaka tukio lipite.

## Hatua ya 1: Tenganisha mgeni, mhudumu na banda

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Ukiandika "tiketi 8 na banda", mdhamini atahesabu wageni 8, kisha ataleta wafanyakazi 3 wa kusimamia banda akiamini wanakuja na banda lenyewe. Wewe ulihesabu watu 8 jumla. Wote wawili mna haki, kwa sababu maandishi hayakusema.

Andika vitu vitatu tofauti. Tiketi ya mgeni inampa mtu kiti ukumbini na chakula. Beji ya mhudumu inampa mtu ruhusa ya kuingia eneo la mabanda mapema, pamoja na chakula, lakini haimpi kiti ukumbini. Banda ni eneo lenye vipimo na vifaa vilivyotajwa.

Tofauti ya kiti na sahani ndiyo sababu kubwa ya kuwatenga wageni na wahudumu. Mhudumu hakai ukumbini ila anakula. Ukiwachanganya, ama utapunguza viti vya kuuza bila sababu, ama utaagiza chakula pungufu.

Vifurushi vya mfano wetu ni hivi:

- Dhahabu, wadhamini 2: wageni 12, wahudumu 4, banda la mita 6 kwa 3.
- Fedha, wadhamini 4: wageni 6, wahudumu 2, banda la mita 3 kwa 3.
- Shaba, wadhamini 6: wageni 3, hakuna banda wala mhudumu.

*Umefaulu ikiwa* mtu asiyehusika na tukio akisoma kifurushi anaweza kukuambia ni watu wangapi wataingia, wangapi watakaa na wangapi watakula.

## Hatua ya 2: Fanya hesabu kabla ya kutoa bei

Zidisha kila kifurushi kwa idadi unayotaka kuuza. Wageni ni 24 kwa Dhahabu, 24 kwa Fedha na 18 kwa Shaba, jumla 66. Wahudumu ni 8 na 8, jumla 16. Mabanda yanachukua mita za mraba 36 kwa Dhahabu na 36 kwa Fedha, jumla 72, bila kuhesabu njia za kupita.

Sasa rudi kwenye viti. Toa wageni 66 kwenye 420, kisha toa wasemaji, wanahabari na watu wa kujitolea, tuseme 40. Zimebaki tiketi 314 za kuuza, na hicho ndicho kikomo unachoweka kwenye mfumo wa mauzo tangu siku ya kwanza. Waandaaji wengi huuza zote 420 wakitumaini wadhamini hawatajaza nafasi zao. Tukio likipendwa, watajaza.

Upande wa gharama, hesabu vichwa 82, yaani wageni na wahudumu pamoja. Hoteli ikitoza shilingi 35,000 kwa kichwa kwa siku, siku 2 ni 70,000, na jumla ni shilingi 5,740,000. Hiyo inatoka mfukoni mwako, kwa hiyo iingie kwenye bei ya vifurushi.

Thamani ya tiketi sokoni ni jambo jingine. Kama tiketi inauzwa 150,000, usiandike kuwa umepoteza 9,900,000 kwa tiketi 66 za wadhamini. Hasara hiyo ipo pale tu ukumbi unapojaa na ukakataa wateja wa kulipa. Viti vikibaki wazi, gharama yako halisi ni chakula na beji. Kumbuka tofauti hii mdhamini anapoomba tiketi 2 za ziada: miezi 2 kabla ya tukio ombi hilo ni rahisi, wiki ya mwisho ya tukio lililojaa ni ghali.

## Hatua ya 3: Weka kanuni tano ndani ya mkataba

Kanuni zinazotumwa baadaye kwa WhatsApp hazina nguvu. Hizi zikae kwenye mkataba au kiambatisho chake:

1. Majina ya wageni wote yafike siku 7 kabla ya tukio. Nafasi isiyo na jina siku hiyo inarudi kwa mwandaaji.
2. Jina lililosajiliwa linaweza kubadilishwa hadi saa 12 jioni ya siku ya kuamkia tukio. Kubadili jina hakuongezi idadi, kwa hiyo usikatae.
3. Tiketi ya mgeni inaweza kugeuzwa beji ya mhudumu, lakini beji haigeuzwi kuwa tiketi. Sababu ni kiti: ukigeuza tiketi unapata kiti kimoja, ukigeuza beji unadaiwa kiti usichokuwa nacho.
4. Tiketi za bure haziuzwi, na banda halikodishwi kwa kampuni nyingine bila idhini ya maandishi.
5. Banda ambalo halina mtu saa 1 baada ya milango kufunguliwa linaweza kupewa matumizi mengine.

Ile siku ya 7 haikuokotwa hewani. Inatokana na siku ambayo hoteli inataka idadi ya mwisho. Ikiwa hoteli inataka siku 3 kabla, wewe unabaki na siku 4 za kuuza au kugawa nafasi zilizorudi. Kama hoteli yako inataka mapema zaidi, sogeza na wewe.

## Hatua ya 4: Tengeneza jedwali lenye kurasa tatu

Ukurasa wa kwanza uite Vifurushi: safu A ni jina la kifurushi, B idadi ya wageni, C idadi ya wahudumu.

Wa pili uite Wadhamini: A ni alama ya mdhamini, B kifurushi, C stahili ya wageni, D marekebisho, E waliosajiliwa, F zilizobaki, G walioingia.

Wa tatu uite Tiketi, na kila nafasi ipate mstari wake hata kabla haijapata mtu: A vocha, B alama ya mdhamini, C aina, D jina, E simu, F tarehe ya kusajiliwa, G siku ya 1, H siku ya 2, I ameingia. Kwenye G na H weka visanduku vya kutiki.

Usitumie jina kamili la kampuni kama kiunganishi. Mmoja ataandika jina fupi, mwingine ataongeza "Limited", na fomula itawaona ni wadhamini wawili. Tumia alama fupi kama DH1, FD2, SH5, na safu B ya Tiketi iwe orodha ya kuchagua, si ya kuandika kwa mkono. Nafasi tupu moja iliyoachwa mwisho wa neno inatosha kumfanya mtu asihesabiwe.

Kwenye mstari wa 2 wa Wadhamini, safu C, E, F na G, weka fomula hizi kwa mpangilio huo, kisha ziburute chini hadi mstari wa 13:

```
=VLOOKUP(B2,Vifurushi!A:C,2,FALSE)
=COUNTIFS(Tiketi!B:B,A2,Tiketi!C:C,"mgeni",Tiketi!D:D,"<>")
=C2+D2-E2
=COUNTIFS(Tiketi!B:B,A2,Tiketi!C:C,"mgeni",Tiketi!I:I,TRUE)
```

Kwenye Tiketi, safu I, weka hii, ili aliyekuja siku zote 2 ahesabiwe mtu mmoja:

```
=OR(G2,H2)
```

Rudia safu C hadi G kwa ajili ya wahudumu, kwenye nakala ya ukurasa wa Wadhamini. Badili neno `mgeni` kuwa `mhudumu`, na kwenye VLOOKUP badili namba 2 iwe 3.

Safu ya marekebisho ndiyo inayolinda kumbukumbu. Usiguse kamwe stahili ya mkataba. Mdhamini akiongezewa tiketi 2, andika 2 kwenye D. Akirudisha 1, andika -1. Kila namba iwe na maelezo: nani aliidhinisha, lini, na kwa nini. Ukibadili stahili yenyewe, baada ya mwezi hutajua kipi kilikuwa mkataba na kipi kilikuwa hisani.

Mwisho, weka kipimo hiki mahali pa kuonekana:

```
=SUM(Wadhamini!E2:E13)-COUNTIFS(Tiketi!C:C,"mgeni",Tiketi!D:D,"<>")
```

*Umefaulu ikiwa* jibu ni 0 kila siku. Likiwa namba yoyote nyingine, kuna tiketi yenye alama isiyolingana na mdhamini yeyote, au mstari umejirudia upande wa Wadhamini. Itafute siku hiyohiyo.

## Hatua ya 5: Toa vocha, moja kwa kila nafasi

Njia rahisi ni kumpa mdhamini vocha moja yenye kikomo cha matumizi 6. Namba zako zitakuwa salama, lakini mdhamini ataumia. Mtu ataibandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, itasambaa, na nafasi 6 zitachukuliwa na wasiohusika kabla ya mteja mkubwa aliyekusudiwa kujisajili. Lawama itakuja kwako.

Kwa hiyo toa vocha 6 za matumizi ya mara moja, kwa mfano `FD2-MG-K7Q4`. Sehemu ya kwanza inaonyesha mdhamini, ya pili inaonyesha mgeni (MG) au mhudumu (MH), na ya tatu haibashiriki. Katika sehemu hiyo ya tatu epuka herufi O na I pamoja na tarakimu 0 na 1, maana watu huzichanganya wanaposoma kwenye simu.

Kama unauza tiketi kwa mfumo wa pretix, tengeneza vocha hizo huko. Weka `Maximum usages` kuwa 1, `Valid until` iwe siku ya mwisho ya majina, na `Tag` iwe alama ya mdhamini ili uone vocha zake ngapi zimetumika. Washa `Reserve ticket from quota`. Usipoiwasha, vocha haitashika kiti chochote: tiketi zikiisha sokoni, mgeni wa mdhamini ataambiwa hakuna nafasi. Ila ukiiwasha, hakikisha kikomo cha mauzo kwenye mfumo kinajumlisha viti hivyo 66, yaani kiwe 380 badala ya 314, usije ukavitoa mara mbili.

Mtumie mdhamini orodha ya vocha zake kwa barua pepe moja, siku 30 kabla, pamoja na tarehe ya mwisho na kiungo cha kujisajili. Mwombe ajibu kwamba amepokea. Kimya si mapokezi.

## Hatua ya 6: Kumbusha, kisha rudisha nafasi bila kusita

Siku 14 kabla, fungua safu F na umtumie kila mdhamini namba yake mwenyewe: "Mna nafasi 6 za wageni, 2 zimesajiliwa, 4 zimebaki hadi tarehe fulani." Ujumbe wa jumla unaosema "tafadhali sajilini wageni wenu" haumsukumi mtu. Wasiojibu kwa siku 3, piga simu.

Siku 7 kabla, funga. Nafasi zisizo na jina ziandikie marekebisho hasi, zima vocha zake, na mjulishe mdhamini kwa upole kuwa zimerudi kama mkataba unavyosema. Waandaaji huogopa hatua hii kwa kudhani mdhamini atakasirika. Kinachomkasirisha zaidi ni kukuta safu ya viti yenye nembo yake ikiwa tupu mbele ya wapiga picha.

Baki na akiba ndogo. Kwa wadhamini 12, nafasi 4 au 5 zinatosha kwa mkurugenzi atakayeamua kuja asubuhi ya tukio, kwa sababu yupo daima. Nyingine ziuze.

## Hatua ya 7: Banda lipimwe, lisiaminiwe

Tiketi huhesabiwa, lakini banda hukaguliwa. Kiambatisho kiseme vipimo, meza ngapi, viti vingapi, soketi ngapi na mzigo wa umeme unaoruhusiwa. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000, na birika moja la umeme au mashine ya kahawa inaweza kumaliza karibu zote. Mabanda manne yakiwa kwenye waya mmoja wa kurefusha, birika moja litazima skrini za majirani watatu. Muulize kila mdhamini mapema anakuja na vifaa gani vya umeme.

Mpangilio wa kuchagua nafasi uandikwe pia: Dhahabu kwanza, na ndani ya daraja moja atangulie aliyelipa kwanza. Tarehe ya malipo haina ubishi, ahadi ya simu ina ubishi.

Jioni ya kuamkia tukio pima kila banda kwa futikamba na uweke mipaka kwa tepu sakafuni, pamoja na namba. Ramani za kumbi mara nyingi hazionyeshi nguzo wala milango inayofungukia ndani. Kwa njia kuu acha mita 3. Mdhamini atakayesogeza bango lake nje ya mstari aonyeshwe tepu, na mazungumzo yatakuwa mafupi.

Kila siku ya tukio, mtu mmoja azunguke mara tatu, saa 1 baada ya kufungua, baada ya chakula cha mchana, na alasiri. Apige picha ya kila banda na kuandika mambo matatu: kuna mhudumu au hakuna, kuna kampuni nyingine ndani au hakuna, na bidhaa zimevuka mpaka au la. Picha ya simu inahifadhi saa ilipopigwa, na inamaliza mabishano ya baadaye.

## Hatua ya 8: Mlangoni hakuna mazungumzo

Watu wa mlangoni wawe na orodha ya majina pekee na kazi moja: kutiki. Wasipewe ruhusa ya kuongeza mtu. Anayesema "nimetoka kwa mdhamini fulani" bila jina kwenye orodha apelekwe kwenye meza ya pembeni, kwa yule mwenye ruhusa, ambaye ana ile akiba ya nafasi.

Chapisha orodha kwenye karatasi asubuhi. Intaneti ya ukumbi ikizidiwa, tiki kwa kalamu na uingize mchana. Wakifika wawili na vocha moja, aliyesajiliwa kwa jina hilo ndiye anayeingia, na wa pili anapelekwa meza ya pembeni bila kugombezwa, kwani mara nyingi ametumiwa picha ya tiketi na mtu mwingine.

Jambo moja la kisheria. Wadhamini huomba orodha ya wahudhuriaji wote na simu zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mdhamini apewe matumizi ya tiketi zake. Namba za watu wengine zisitoke bila ridhaa yao, hata kama ni mdhamini wa Dhahabu.

## Hatua ya 9: Ripoti ya ukurasa mmoja kwa kila mdhamini

Itume ndani ya siku 10. Tumfuate FD2 wa mfano wetu. Stahili yake ilikuwa wageni 6 na wahudumu 2. Aliomba mhudumu wa tatu, kwa hiyo tiketi 1 ya mgeni iligeuzwa: wageni -1, wahudumu 1. Kati ya nafasi 5 zilizobaki, alisajili 4, na 1 ilirudi siku ya 7. Mlangoni waliingia 3. Wahudumu wote 3 walifika. Banda lilikuwa na mtu katika ukaguzi 5 kati ya 6, na alasiri ya siku ya 2 lilikuwa tupu.

Ripoti iandikwe hivyohivyo, kwa namba, ikiambatana na picha za banda. Usiandike "mlitumia tiketi vizuri". Yeye mwenyewe ataona kuwa kati ya wageni 6 aliolipia walikuja 3, na kwamba alihitaji zaidi watu wa bandani.

Kisha tumia namba hizo kwenye mazungumzo ya mwaka ujao. Kwa FD2, pendekeza wageni 4 na wahudumu 4 kwa bei ileile. Vichwa ni 8 kama vya awali, gharama ya chakula haijabadilika, na wewe umepata viti 2 vya kuuza. Kwa mdhamini aliyemaliza tiketi zake zote mapema na kuomba nyongeza, ongeza wageni na upandishe bei, ukimwonyesha safu D yenye tarehe za maombi yake. Kwa wa Shaba ambaye hakumsajili mtu, muulize kama tiketi ndizo anazotaka kweli. Huenda dakika 5 jukwaani zingemfaa zaidi, na nafasi zake 3 ziingie sokoni tangu mwanzo.